Kutoka hotuba ya Kiswahili hadi makala ya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyekabidhiwa nakala ya hotuba, yaani maneno yaliyoandikwa kama yalivyotoka mdomoni, na anatakiwa atoe makala ya Kiingereza inayosomeka kama iliandikwa tangu mwanzo. Kazi ya kubadili sauti kuwa maandishi imeshafanyika.

Nitafsiri kwanza halafu nisafishe, au nisafishe kwanza?

Safisha kwanza, na usafishe kwa Kiswahili. Wengi hufanya kinyume. Hutafsiri kila kitu kama kilivyo, kisha hukaa kupunguza Kiingereza. Ubaya wake ni kwamba neno la kujazia likishatafsiriwa linageuka kuwa neno lenye maana. "Sasa" ya kuvuta pumzi inakuwa "sasa" ya wakati huu, na "yaani" ya kutafuta neno inakuwa ahadi ya ufafanuzi ambao haupo. Ukifika hatua ya kupunguza, huoni tena kipi kilikuwa pumzi na kipi kilikuwa hoja, kwa sababu vyote vimevaa Kiingereza safi.

Kwa hiyo kuna mafaili matatu: nakala ghafi ambayo haiguswi, nakala ya Kiswahili iliyosafishwa, na makala ya Kiingereza. La katikati laweza kuwa la haraka na lisilo na urembo. Hakuna atakayelisoma ila wewe, lakini maamuzi yote magumu yanafanyika humo.

Naomba mfano mmoja, tuuone mwanzo hadi mwisho.

Hapa ni kipande cha hotuba ya mwenyekiti wa mradi wa maji, nilichokitunga kwa ajili ya somo hili:

> Eee, kwa hiyo sasa, sisi tulianza, tulianza pale mwezi wa tano, samahani, mwezi wa sita. Ile pampu, ile pampu ya zamani, yaani ile ya mkono, ikawa imekufa. Imekufa kabisa. Sasa akina mama wanaamka saa kumi, saa kumi ya alfajiri, si ndiyo, wanakwenda kuchota wawili wawili, kwa sababu peke yako huwezi, njia ile giza. Basi fundi akaja, akaangalia, akaangalia, akasema, nanii, ile bomba ya ndani imetoboka. Tukakubaliana kila nyumba itoe ndoo mbili mbili za mchanga kwa ajili ya lile tangi. Kwa hiyo tulianza mwezi wa sita, na sasa maji yanatoka, saa mbili mpaka saa sita.

Hatua ya pili, Kiswahili kilichosafishwa:

> Tulianza mwezi wa sita. Pampu ya zamani ya mkono ilikuwa imekufa kabisa. Akina mama walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri na kwenda kuchota maji wawili wawili, kwa sababu njia ilikuwa na giza na mtu hakuweza kwenda peke yake. Fundi aliikagua kwa muda mrefu, akakuta bomba la ndani limetoboka. Tulikubaliana kila nyumba itoe ndoo mbili za mchanga kwa ajili ya tangi. Sasa maji yanatoka, saa mbili mpaka saa sita [asubuhi au usiku? aulizwe].

Na hatua ya tatu, baada ya msemaji kuthibitisha kwamba ni asubuhi:

```
Water now flows from eight in the morning until noon. When work
began in June, the old hand pump had broken down completely.
Women were getting up at four in the morning to fetch water, and
they went in pairs because the path was too dark to walk alone.
A technician examined the pump at length and found a hole in the
inner pipe. The residents agreed that every household would give
two buckets of sand for the tank.
```

Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye kipande hiki, kwa hiyo kisome mara mbili.

Nitajuaje kwamba neno ni kijazio na si neno lenye kazi?

Jaribio ni moja: liondoe, kisha usome sentensi. Kama aliyesikiliza hotuba angeelewa jambo lilelile, kwa wakati uleule, kwa sababu ileile, hicho kilikuwa kijazio. Kama kuna kitu kimepungua, lirudishe.

Chukua "sasa" katika mfano wetu. Imetokea mara tatu. Ya kwanza, "kwa hiyo sasa", ni pumzi tu, haina kazi. Ya pili, "Sasa akina mama wanaamka", inamgeuza msikilizaji kutoka jambo la pampu kwenda kwenye taabu iliyofuata. Katika maandishi kazi hiyo inafanywa na nukta au aya mpya, kwa hiyo neno linaondoka. Ya tatu, "na sasa maji yanatoka", ni ya wakati kwelikweli, na ukiifuta umefuta habari yenyewe: zamani maji hayakutoka, leo yanatoka. Ndiyo maana imebaki kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya Kiingereza.

"Yaani" nayo ina sura mbili. Katika "pampu ya zamani, yaani ile ya mkono" inafafanua, na ufafanuzi wake umeingia kwenye makala hata kama neno lenyewe halikuingia. Lakini "yaani, mimi, yaani, sijui niseme nini" haifafanui kitu. "Basi" inaweza kuwa daraja la kwenda tukio linalofuata, au inaweza kumaanisha "peke yake". "Ile" na "lile" hutumika sana kumkumbusha msikilizaji kitu anachokijua. Kiingereza kina njia yake fupi ya kuonyesha hilo, kwa hiyo usiandike kila mara kana kwamba msemaji alikuwa ananyoosha kidole.

"Eee", "aaa", "nanii", "unaona", "si ndiyo" na "mmenielewa" huondoka karibu daima. Nasema karibu, kwa sababu msemaji akiuliza "mmenielewa?" na ukumbi ukajibu "hapana", hilo ni tukio, na makala inaweza kulihitaji.

Marudio je? Si yote yaondolewe?

Hapana, na hapa ndipo makala nyingi zinapoharibika. Kiswahili kinatumia kurudia kama chombo cha sarufi. Mtu anayefuta kila neno lililojirudia anafuta maana bila kujua.

Katika kipande chetu kuna marudio ya aina nne, na kila aina imepata hukumu yake. "Tulianza, tulianza" ni ulimi uliokwama ukisubiri mwezi ukumbukwe, kwa hiyo moja limetoka. "Wawili wawili" ni hesabu: wanawake walikwenda kwa jozi. Ukiacha "wawili" moja tu, umeandika kwamba walikwenda wanawake wawili, na kijiji kizima kimepungua hadi watu wawili. "Ndoo mbili mbili" inagawa: kila nyumba mbili. Hapa "kila nyumba" ilishafanya kazi hiyo, kwa hiyo "mbili" moja inatosha. Lakini kama msemaji angesema tu "tukatoa ndoo mbili mbili", marudio ndiyo yangekuwa ushahidi pekee kwamba si ndoo mbili kwa jumla. "Akaangalia, akaangalia" ni muda: fundi hakutupa jicho tu, alikaa akichunguza. Kiingereza hakirudii kitenzi katika maandishi ya namna hii, kwa hiyo marudio yamegeuka kuwa kielezi.

Kuna na yale yaliyoshikana ndani ya neno. "Kutembeatembea" si kutembea, ni kuzunguka bila lengo maalumu. "Majimaji" si maji, ni hali ya kuwa na unyevu au wepesi. "Juzijuzi" si juzi, ni hivi karibuni. Haya hayana uhusiano wowote na kigugumizi.

Marudio ya mwisho ni ya hoja nzima: "Kwa hiyo tulianza mwezi wa sita" mwishoni mwa kipande. Msemaji anafunga mzunguko ili msikilizaji asipotee. Msomaji hapotei, maana anaweza kurudisha jicho juu. Futa, lakini kwanza soma sentensi ya marudio hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi mkiani mwake kuna jambo jipya. Hapa saa za maji zilitajwa humo na si penginepo.

Naweza kutumia kompyuta kufuta vijazio vyote kwa mkupuo?

Kufuta, usifute. Kuonyeshwa vilipo, ndiyo. Kama faili lako ni maandishi matupu, amri hizi mbili zinakutolea mistari ya kukagua. Ya kwanza inatafuta vijazio vya kawaida, ya pili inatafuta neno lililofuatwa na neno hilohilo, hata kama kuna mkato katikati:

```
grep -niE '\b(eee|yaani|sasa|basi|nanii)\b' hotuba.txt
grep -niE '\b(\w+),? \1\b' hotuba.txt
```

Amri ya pili itakuletea "tulianza, tulianza" na "wawili wawili" pamoja, nayo haijui tofauti. Kazi ya kuamua ni yako. Pia haitaona "saa kumi, saa kumi", kwa kuwa huo ni msemo wa maneno mawili uliorudiwa, wala marudio yaliyokatwa na mwisho wa mstari.

Msemaji akijirekebisha katikati, naandika lipi?

La mwisho. "Mwezi wa tano, samahani, mwezi wa sita" ni Juni, basi. Mei haitajwi. Alama za kujirekebisha ni "samahani", "hapana", "au tuseme", "nirudi nyuma kidogo", na wakati mwingine ni kimya tu kilichofuatwa na takwimu nyingine. Kimya ndicho cha kuogopa. Msemaji akisema "watu arobaini, hamsini", huenda anajirekebisha, na huenda anakadiria kati ya arobaini na hamsini. Sauti inaamua: makadirio huteremka kwa mwendo mmoja, marekebisho hukatika. Sikiliza sehemu hiyo upya. Nakala haitakwambia.

Saa, tarehe na hesabu zinaniyumbisha. Nifanyeje?

Saa za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa na mapambazuko na machweo, kwa hiyo tofauti na saa za Kiingereza ni sita. Saa kumi alfajiri ni 4:00, saa mbili asubuhi ni 8:00, saa sita mchana ni 12:00. Hilo kila mtu analijua, na bado makosa yanapita, hasa pale msemaji anapochanganya na kusoma saa kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili. Jiulize kila mara kama tukio lina mantiki kwa saa hiyo. Mtu asiyetaja asubuhi wala usiku, kama mwenyekiti wetu mwishoni, lazima aulizwe.

"Jana", "juzi" na "mwaka juzi" zihesabu kutoka siku ya hotuba, si siku unayoandika. Tarehe ya hotuba iwe juu ya faili kabla hujaanza. "Usiku wa kuamkia Jumapili" ni Jumamosi usiku. Na kuna wasemaji ambao siku yao inaanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Kama tukio lina uzito, uliza.

Katika hesabu, jihadhari na "elfu ishirini na tano". Mara nyingi ni 25,000, lakini maneno hayohayo yanaweza kusomeka kama 20,005. Ukubwa wa kitu kinachohesabiwa kwa kawaida hukata shauri. Tangi la lita 20,005 halina mantiki, lakini idadi ya kura inaweza kuwa hivyo.

Kiswahili hakisemi ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinataka.

"Alikuja, akatuambia" haina jinsia, na nakala inaweza kwenda kurasa kadhaa hivyo. Usikisie kwa cheo wala kwa kazi. Katika mfano wetu fundi hakupewa jinsia popote, ndiyo maana sentensi ya Kiingereza imejengwa ili isihitaji kiwakilishi: ametajwa kwa kazi yake mara moja, vitenzi viwili vikafuata. Ukiwa na sentensi nyingi juu ya mtu mmoja, ujanja huo unachosha, na hapo ni bora kuuliza waandaaji.

Mambo ya undugu yanafanana na hili. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja, wa ukoo, au mwenzetu tu katika shughuli. "Mtoto wangu" anaweza kuwa wa kuzaa au wa ndugu. "Akina mama" katika hotuba kwa kawaida ni wanawake wazima kwa jumla, wawe wamezaa au la, na ndivyo nilivyoandika.

Nyakati za vitenzi zinarukaruka. Nizifuate?

Usizifuate. Msimuliaji wa Kiswahili anaanza na "tulianza", anaendelea na "akaja, akaangalia", kisha katikati anasema "wanaamka" kana kwamba yanatokea mbele yake. Masikioni inapendeza. Katika makala ya Kiingereza msomaji atadhani akina mama bado wanaamka saa kumi, wakati habari nzima ni kwamba adha hiyo imekwisha. Kwa hiyo panga matukio kwenye mstari mmoja wa wakati: kilichokwisha, kilichotangulia hicho, na kinachoendelea leo. Hapo tu ndipo uchague umbo la kitenzi.

Angalia pia "-me-". "Amelala" mara nyingi inaeleza hali, yuko usingizini, si tendo lililokamilika. "Amekaa", "amesimama" na "amevaa" ni hivyohivyo.

Kwa nini jambo la mwisho umelileta mwanzo?

Kwa sababu msikilizaji yuko tayari kungoja na msomaji hayuko. Hotuba inajenga taratibu: taabu, juhudi, kisha mafanikio. Makala ya habari kwa Kiingereza inatoa matokeo, halafu inaeleza yalivyofikiwa. Lakini sisemi kila hotuba ipinduliwe. Kama makala inatoka kwa jina la msemaji mwenyewe, kama maoni yake, acha mwendo wake, ondoa tu mizunguko. Hapo pia utaandika kwa nafsi ya kwanza, na "tukakubaliana" itabaki "sisi". Mimi niliandika "wakazi" kwa sababu makala ile ni ripoti. Lakini "sisi" ya Kiswahili haisemi kama inajumuisha wasikilizaji au ni kamati tu, kwa hiyo kabla ya kuandika "wakazi" hakikisha ni wao.

Salamu za itifaki na methali ziingie?

Orodha ya waheshimiwa, salamu na majibu yake, na "kwa hayo machache naomba kuwasilisha" haziingii. Mahali, siku na hadhira zinakaa katika sentensi moja ya mwanzo.

Methali inahitaji uamuzi. Kama ilitumika kupamba, toa maana yake kwa maneno ya kawaida au iache. Kama hoja nzima imesimama juu yake na msemaji ameirudia, itafsiri neno kwa neno, kisha maana ifuate katika sentensi hiyohiyo. Usitafute methali ya Kiingereza ya kubadilishana nayo. Utakuwa umemtia msemaji maneno ya watu wengine.

Maneno niliyosafisha naweza kuyaweka ndani ya alama za nukuu?

Kwa masharti. Kuondoa "eee", kigugumizi na kosa la upatanisho kama "ile bomba ya ndani" kunakubalika, kwa kuwa tafsiri isingeyabeba hata hivyo. Kuunganisha sentensi mbili zilizotengana kwa dakika kumi ndani ya nukuu moja hakukubaliki: zifunge kila moja kwa alama zake. Na usimpandishe msemaji ngazi. Aliyesema pampu "imekufa kabisa" asinukuliwe kwa lugha ya ripoti ya uhandisi. Ukitaka lugha hiyo, iandike nje ya alama, kwa sauti yako.

Palipoandikwa "haisikiki" kwenye nakala, rudi kwenye sauti kwa dakika iliyotajwa. Usiposikia, sentensi hiyo haiingii kwenye nukuu.

Nimepunguza sana lakini Kiingereza ni kirefu kuliko Kiswahili. Nimekosea?

Si lazima. "Hatukuwaambia" ni neno moja la Kiswahili linalohitaji maneno matano ya Kiingereza. Kwa hiyo kulinganisha idadi ya maneno kati ya nakala na makala hakukuambii kitu. Linganisha nakala ghafi na Kiswahili kilichosafishwa. Hapo ndipo upungufu unapoonekana kwa haki.

Nitajuaje kwamba sikudondosha jambo?

Chukua makala ya Kiingereza na nakala ghafi, acha faili la katikati. Piga mstari kila jina, hesabu, saa, mahali, sababu na kanusho kwenye nakala, kisha kila kimoja kitafute kwenye makala. Kisichoonekana kiwe kimeachwa kwa makusudi. Makanusho yapewe macho ya ziada, maana "ha-" na "-si-" ni silabi moja tu na hupotea kirahisi. Halafu enda kinyume: kila sentensi ya Kiingereza ionyeshe mstari wake kwenye nakala. Ile isiyo na mstari umeitunga wewe, hata kama inasikika vizuri.

Mwisho mtumie msemaji orodha ya mambo uliyokuwa na shaka nayo, kwa Kiswahili, moja moja, pamoja na dakika yanapotokea kwenye sauti. Kumtumia makala nzima ya Kiingereza na kumuuliza "iko sawa?" humfanya ajibu ndiyo bila kufika kwenye ile saa mbili mpaka saa sita.